Kibubu cha Shangazi: Kijana wa Mlandege Alivyoacha Kubeti na Kujenga Akiba Yake ya Kwanza

Mlandege ni mtaa wa Ng'ambo katika mji wa Zanzibar, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Darajani. Watu huufahamu kwa maduka yake ya nguo, vyombo na simu, na kwa timu yake ya mpira, Mlandege, ambayo ilitwaa Kombe la Mapinduzi mwaka 2023 na tena mwaka 2024. Katika mtaa kama huo, ambao mpira na simu havikai mbali na mkono wa kijana, kubeti hakuhitaji mlango wala dirisha. Mtu hucheza akiwa amesimama kazini, na aliye karibu naye asijue.

Makame wa makala hii ni kijana wa hadithi. Ana miaka 24, ni fundi simu katika duka dogo la Mlandege, na mambo yanayompata ni yale ambayo madaktari wa afya ya akili huyasikia mara kwa mara kutoka kwa vijana wa rika lake. Hadithi yake inafuatwa hapa hatua kwa hatua, kwa sababu inaeleza jambo ambalo nasaha za kawaida huliacha: kwamba anayeacha kubeti hahitaji moyo mgumu pekee, bali huhitaji pia mahali pa kuziweka fedha zake, mbali na mkono wake na mbali na saa zake za udhaifu.

Mkeka wa timu kumi

Makame alipenda mkeka, yaani karata moja ya kubeti inayobeba mechi nyingi kwa pamoja. Kila mechi ina kizidisho chake, ambacho vijana hukiita odi, na vizidisho vyote huzidishana. Mechi zote zikitokea alivyobashiri, fedha huwa nyingi. Ikipotea hata moja, mkeka wote umechanika.

Yeye alichagua timu kubwa zinazocheza na timu dhaifu, akaamini kuwa anacheza kwa uangalifu. Tuchukue mkeka wake mmoja wa kawaida. Alikuwa na mechi 10, na tuseme kila timu aliyoichagua ilikuwa na nafasi ya kushinda ya asilimia 70. Ukiitazama mechi moja moja, nafasi hiyo ni nzuri. Lakini ili zote 10 zishinde, asilimia 70 lazima izidishwe yenyewe kwa yenyewe mara 10, na jibu lake halifiki asilimia 3. Kwa maneno mengine, mikeka ya namna hiyo 35 ikichezwa, mmoja tu ndio unaotazamiwa kukamilika.

Je, kampuni humlipa mara 35? Hapana. Kwa timu yenye nafasi ya asilimia 70, kizidisho cha haki kingekuwa karibu 1.43, lakini kampuni hupunguza kidogo ili ipate faida yake, ikaandika, kwa mfano, 1.35. Katika mechi moja upungufu huo hauonekani. Katika mechi 10 hujirudia mara 10, na malipo yakawa mara 20 tu ya fedha iliyowekwa. Hivyo, kwa kila shilingi 1,000 aliyoiweka Makame katika mikeka hiyo, iliyotazamiwa kurudi kwa wastani wa muda mrefu ni kama shilingi 570. Uhodari wake wa kuzijua timu haukuweza kuziba pengo hilo.

Mkeka una jambo jingine ambalo daktari hulitazama kwa makini zaidi. Katika hesabu ileile, nafasi ya kupata mechi 9 sahihi na kukosa moja tu ni karibu asilimia 12. Maana yake ni kwamba kukosa kwa mechi moja hutokea zaidi ya mara nne ya kushinda. Makame aliona mikeka yake ikichanika kwa mechi moja, mara kwa mara, akajiambia kuwa amekaribia. Ukweli ni kwamba hakuwa amekaribia chochote. Mkeka wa mechi nyingi kwa maumbile yake huzaa kukosa-kidogo kwa wingi. Uchunguzi wa picha za ubongo uliotolewa mwaka 2009 na watafiti wa Kimbrichi (Cambridge), nchini Uingereza, ulionyesha kuwa kukosa kidogo huamsha sehemu zilezile za ubongo zinazoamshwa na ushindi, na humwongezea mchezaji hamu ya kuendelea ingawa hakupata kitu. Anayeshindwa kwa mbali huchoka, lakini anayeshindwa kwa karibu hurudi.

Kioo cha mteja

Mwezi Oktoba 2023 mteja mmoja alimwachia Makame shilingi 85,000 za kununulia kioo cha simu. Kioo kilipatikana Darajani, lakini duka lilikuwa limefungwa jioni ile, na usiku huo kulikuwa na mechi. Makame aliziweka fedha za mteja katika mkeka ili arudishe alizopoteza juma lililopita. Asubuhi hakuwa na kioo wala fedha. Mteja alikuja mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu akaja na sauti kubwa.

Tajiri wake hakupiga kelele. Alimwita nyuma ya duka akamuuliza, "Mwanangu, fedha ya mtu iko wapi?" Makame alitaka kusema kioo kimechelewa bandarini, uongo ambao ulikuwa tayari mdomoni. Badala yake alisema, "Ami, nimeibeti." Tajiri alimlipa mteja siku ileile, akamwambia kijana kwamba atamkata kidogo kidogo, lakini kwa sharti moja: aende akamwone daktari. "Mwizi ningemfukuza," alisema. "Wewe sioni kuwa umenufaika na chochote."

Bila ya kusoma kitabu cha tiba, tajiri yule alikuwa ameitaja alama kubwa ya maradhi haya. Uraibu wa kamari ni ugonjwa unaotambuliwa rasmi. Mwaka 2013 wataalamu wa magonjwa ya akili wa Marekani waliuhamishia katika kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya, na Shirika la Afya Duniani nalo limeuweka katika orodha yake mpya ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Mwongozo wa Marekani una dalili 9, na anayekuwa na dalili 4 au zaidi katika miezi 12 huhesabiwa kuwa mgonjwa.

Daktari wa kliniki ya afya ya akili alimwuliza Makame maswali mawili kwanza. Je, umewahi kuona lazima uweke fedha nyingi zaidi na zaidi? Je, umewahi kuwadanganya watu wako wa karibu kuhusu kiasi unachobeti? Maswali hayo mawili yanaweza kuulizwa na muuguzi, mwalimu au mzazi. Anayejibu ndiyo, hata kwa moja tu, anastahili kuchunguzwa zaidi. Makame alijibu ndiyo kwa yote mawili. Katika uchunguzi kamili alikuwa na dalili 6: aliongeza dau, alikuwa na hasira na kukosa usingizi kila alipojaribu kuacha, alijaribu kuacha akashindwa, alirudi kila mara kufukuzia alichopoteza, alidanganya, na alihatarisha kazi yake. Huo ni ugonjwa wa kiwango cha kati.

Kisha daktari alimwuliza waziwazi kama amewahi kufikiri kujiua. Swali hili halipandikizi wazo kwa mgonjwa, bali humfungulia mlango. Makame alinyamaza, akasema kuwa usiku wa kioo alifikiri kwamba nyumba ingekuwa na amani zaidi bila ya yeye, lakini hakupanga lolote. Madeni ya siri yana uzito wa namna hiyo, na ndiyo sababu daktari alimwomba ruhusa ya kumweleza angalau mtu mmoja wa familia.

Hesabu aliyoiogopa

Hatua ya kwanza ya tiba haikuwa dawa. Hakuna dawa iliyotengwa mahususi kwa ugonjwa huu ambayo kila mgonjwa huanzishiwa, na tiba yenye ushahidi mzuri ni mazungumzo ya kurekebisha fikra na mazoea, mara moja kwa juma kwa majuma kadhaa. Daktari alimtaka Makame aje na taarifa ya miamala ya simu yake ya miezi 3: Agosti, Septemba na Oktoba.

Kabla ya kuijumlisha, alimwuliza anadhani hupoteza kiasi gani kwa mwezi. Makame alisema labda 20,000. Walipojumlisha kwa kalamu, fedha alizotuma kubeti katika miezi 3 zilikuwa 486,000, na zilizorudi kama ushindi zilikuwa 171,000. Hasara ilikuwa 315,000, sawa na 105,000 kwa mwezi. Kipato chake cha wastani kilikuwa 12,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, yaani 312,000. Theluthi moja ya jasho lake ilikuwa inakwenda bila ya yeye kuijua.

Hakuwa akisema uongo aliposema 20,000. Ushindi hukumbukwa na hasara husahauliwa, tena ushindi mdogo huingia kwenye simu kwa mlio wa ujumbe ilhali hasara haina mlio. Ndiyo maana daktari hutaka karatasi, wala hakubali kumbukumbu.

Madeni nayo yaliandikwa: 85,000 za tajiri, 60,000 za fundi mwenzake, na 40,000 za mkopo wa papo kwa papo wa kwenye simu. Jumla 185,000. Mwenye deni la namna hii hushawishika kuwa mkeka mmoja mkubwa utalifuta, na fikra hiyo ndiyo humrudisha wengi. Kwa hiyo deni lilipewa njia yake: tajiri angekata 2,000 kila siku ya kazi, sawa na 52,000 kwa mwezi, na kuzigawa kwa wadai. Liliandikwa litakwisha ndani ya mwezi wa nne. Makame alipoona tarehe ya mwisho, alisema ni mara ya kwanza deni lake kuwa na mwisho usiotegemea mpira.

Kwa nini sarafu ya 500

Jambo lililomshangaza Makame ni kwamba akiba ilianza siku ileile ya kuanza kulipa deni. Angedhani kuwa mwenye deni hana haki ya kuweka. Daktari alimweleza kuwa akiba hii ya mwanzo haihesabiwi kwa wingi wake. Kazi yake ni kuuzoeza ubongo kitu ambacho kamari imeuharibia: kungoja. Mraibu huichagua 1,000 ya leo kuliko 5,000 ya mwezi ujao, si kwa ujinga, bali kwa sababu ya kesho imepungua thamani machoni pake. Mazoea haya hubadilika polepole, kwa kurudia tendo dogo mara nyingi.

Tatizo la fundi simu ni kwamba hawezi kuitupa simu. Fedha zikikaa katika akaunti ya simu, zipo kwenye chombo kilekile cha kubetia. Hivyo alizifuta programu za kubeti, akaziandikia kampuni zimfungie akaunti, na tajiri akakubali kumlipa kwa fedha taslimu jioni. Kisha, kila siku ya kazi, sarafu moja ya 500 ilikwenda Jang'ombe kwa shangazi yake, ndani ya kibubu cha mbao kilichopigiliwa misumari.

Shangazi ndiye aliyeambiwa siri. Masharti yake yalikuwa mawili. "Kibubu hakifunguliwi usiku," alisema, "wala hakifunguliwi na mtu aliyekuja mbio." Hakujua kuwa ametamka kanuni ya tiba. Hamu ya kubeti ni kama wimbi: hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka, na aghalabu haimalizi nusu saa kama mtu hakuilisha. Safari ya kutoka Mlandege kwenda Jang'ombe, kubisha hodi na kumkabili mwanamke wa heshima aliyeuliza "Kuna nini, mwanangu?" ilikuwa ndefu kuliko wimbi lenyewe.

Majuma matatu ya mwanzo yalikuwa mabaya. Hakulala vizuri, alijibu watu kwa ukali, na jioni za mechi mikono yake ilikuwa haina pa kukaa. Dalili hizi huwatisha wengi wakadhani wanaharibikiwa. Kwa kawaida hupungua kadiri majuma yanavyopita.

Usiku Mlandege iliposhinda

Jumamosi ya tarehe 13 Januari 2024, Mlandege ilikutana na Simba katika fainali ya Kombe la Mapinduzi kwenye Uwanja wa Amaan. Makame hakubeti. Mlandege ilishinda 1-0. Mtaa mzima ulitoka nje, naye alishangilia na wenzake hadi fundi mmoja alipoonyesha simu yake: alikuwa ameiwekea Mlandege, na amelipwa.

Makame hakulala usiku ule. Hakuwa amepoteza hata senti, lakini aliihesabu fedha ambayo "angeipata" kana kwamba ameibiwa. Watu hudhani mraibu hurudi baada ya huzuni tu. Mara nyingi hurudi baada ya furaha, hasa furaha inayoambatana na majuto ya dau ambalo hakuliweka. Jumapili alipakua tena programu moja, akaweka 30,000 alizokuwa nazo mfukoni. Saa nne usiku zilikuwa zimekwisha.

Akataka nyingine. Alivaa viatu akaelekea Jang'ombe. Alipofika karibu na nyumba ya shangazi aliona taa imezimwa, akasimama kwa muda, akarudi. Kibubu hakikuguswa.

Siku iliyofuata alitaka kuacha tiba, kwa hoja kwamba amekwisha kuvunja. Daktari alimwonyesha karatasi mbili. Katika miezi 3 kabla ya tiba alikuwa amepoteza 315,000. Katika majuma 11 ya tiba alikuwa amepoteza 30,000, kwa siku moja. Kuteleza ni tukio. Hugeuka kuwa kurudia ugonjwa pale mtu anapojiambia kuwa sasa yote yameharibika, kisha akafukuzia hasara. Waliandika kilichotangulia: fainali, kundi la wenzake, fedha mfukoni siku ya Jumapili. Tangu hapo fedha za Jumamosi alimpelekea mama yake usiku uleule, na mechi kubwa alizitazama nyumbani kwa mjomba, ambako hakuna anayebeti.

Siku ya kugawana

Deni lilikwisha kabla ya Ramadhani ya 2024. Idi ilipokaribia, kibubu kilivunjwa mchana, mbele ya shangazi, na zilihesabiwa sarafu 125, yaani 62,500. Makame alimnunulia mama yake nguo ya Idi ya 22,500, na 40,000 akazifungulia akaunti katika Benki ya Watu wa Zanzibar. Alikataa kuchukua kadi.

Mwishoni mwa Aprili alijiunga na kikundi cha kuweka na kukopa cha majirani wa shangazi. Vikundi vya namna hii, ambavyo shirika la KEA (CARE) lilivianzisha na akina mama wa Maradi, nchini Nijeri, mwaka 1991, huweka fedha katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti. Sanduku hufunguliwa mbele ya wanachama wote tu. Kwa mwenye uraibu wa kamari, kufuli hizo tatu zina maana kuliko riba yoyote. Kikundi hiki hakikutoza riba, kwa kuwa wanachama hawakuitaka. Aliyekopa alirudisha alichokopa, na mwisho wa mzunguko kila mtu alirudishiwa alichoweka.

Makame alinunua hisa 3 za 2,000 kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri. Ijumaa ya tarehe 28 Februari 2025, ikiwa ni siku za kuipokea Ramadhani, kikundi kiligawana. Alikuwa amehudhuria mikutano yote 45, akapokea 270,000. Pamoja na zile 40,000 za benki, akiba yake ya kwanza ilikuwa 310,000.

Alimpelekea daktari taarifa hiyo akiwa na haya kidogo. Miezi 16 ya kuweka ilimpa pungufu ya kile alichokuwa akikipoteza kwa miezi 3. Daktari alimwambia kuwa hesabu yake ni sahihi, na kwamba sehemu nyingine ya fedha haikupotea bali ilikuwa imebadilisha njia: deni la 185,000 limelipwa, na mama yake hupokea 60,000 za matumizi kila mwezi, fedha ambazo zamani hazikuwapo.

Anaendelea kuhudhuria kliniki, sasa mara moja kila baada ya miezi miwili, kwa sababu fainali nyingine zitakuja na hamu haitoi taarifa kabla ya kufika. Kati ya zile 310,000, alichukua 150,000 akanunua mashine ya hewa ya moto iliyotumika, ya kung'olea vipande vidogo katika simu, kazi ambayo zamani alilazimika kumpelekea fundi mwingine. Zilizobaki ziliingia benki. Tajiri aliitazama ile mashine, akaiwasha, akaipima joto kwa kiganja.

"Umekopa?" aliuliza.

"Sikukopa, Ami," alijibu Makame. "Nilingoja."